Shina na majani: penye makosa ya mediani, modi na wastani

Tuchukue umri wa wanachama 12 wa kikoba, ukiwa umepangwa kwa shina na majani:

```
2 | 3 8
3 | 4 4 8
4 | 0 5 5 5 8
5 |
6 |
7 | 0 8

Ufunguo: 2 | 3 = miaka 23
```

Dhana: Modi ni jani linaloonekana mara nyingi zaidi.

Hapa 8 imeandikwa mara nne, kwa hiyo wengi hujibu 8, au huchagua mojawapo ya 28 na 78. Lakini jani peke yake si umri wa mtu. Hizo 8 nne ni watu wenye miaka 28, 38, 48 na 78, na hakuna wawili kati yao wanaolingana. Modi hutafutwa ndani ya mstari mmoja, na jani linalojirudia husomwa pamoja na shina lake. Mstari wa 4 una 5 tatu, kwa hiyo modi ni 45. Zile 4 mbili za mstari wa 3 zinashindwa kwa moja tu.

Dhana: Mediani iko kwenye mstari wa katikati.

Mashina ni sita, na katikati yake ni baina ya 4 na 5. Hilo halitusaidii kitu, kwa sababu mediani hugawa majani, haigawi mashina. Hesabu majani yote kwanza: 2 + 3 + 5 + 2 = 12. Kisha (12 + 1) ÷ 2 = 6.5. Hapa ndipo wengine huandika "mediani ni 6.5", ingawa hiyo ni nafasi tu: inakuambia usimame kati ya jani la 6 na la 7. Mistari miwili ya juu ina majani matano, hivyo la 6 ni 40 na la 7 ni 45. Mediani ni (40 + 45) ÷ 2 = 42.5. Usishtuke kwamba hakuna mwanachama mwenye umri huo. Idadi ikiwa shufwa hutokea.

Dhana: Jani la 0 ni pengo.

Jani 0 ni mtu, pengo ni shina lisilo na jani, kama 5 na 6 hapa. Ukiruka 0 ya mstari wa 4 utabaki na majani 11, na mediani itakuwa 45.

Dhana: Wastani ni jumla ya majani kugawa kwa 12.

Jumla ya majani ni 58, na 58 ÷ 12 ni kama 4.8. Kikoba cha watoto wa chekechea! Kila jani hubeba shina lake, kwa hiyo zidisha makumi kwa idadi ya majani: 20×2 + 30×3 + 40×5 + 70×2 = 470. Ongeza 58 upate 528, kisha gawa kwa 12: wastani ni miaka 44. Umeipita mediani kwa sababu ya wazee wawili wa mstari wa 7.