`No longer` si "ndefu zaidi": kusoma maelezo ya sasisho kabla ya kugusa daftari la madeni

Kila Jumatano alasiri maabara yetu ya kompyuta hapa chuoni Nakuru huwa wazi kwa yeyote mwenye swali kuhusu simu yake. Majuzi alikuja mama mmoja mwenye agroveti upande wa Njoro. Huuza dawa za mifugo, mbegu na chakula cha kuku, na wateja wake wengi huchukua kwa deni hadi pesa za maziwa ziingie. Madeni hayo aliyahamisha zamani kutoka kwenye daftari la kaunta hadi kwenye programu ya simu. Sasa programu ilikuwa inamtaka akubali sasisho, naye, tofauti na wengi wetu, alikuwa amefungua maelezo kwanza akayasoma:

```
- New look and faster reports
- Customer balances now sync to the cloud by default
- Local backup files are no longer supported
- You will need to sign in again after updating
- Bug fixes and performance improvements
```

"Mwalimu," akaniuliza, "hapa wanasema faili za nakala hazitakuwa ndefu tena. Si hiyo ni afueni?"

Kosa lake lilikuwa na mantiki. Alijua `long` ni refu na `longer` ni refu zaidi. Lakini `no longer` yakikaa pamoja hayana habari na urefu: ni ile "tena" yetu ya kukanusha. Mstari wa tatu unasema faili za nakala zilizo ndani ya simu hazitatumika tena. Tazama pia kisichosemwa. Hausemi faili zitafutwa. Zitabaki palepale kwenye folda, ila toleo jipya halitazifungua. Kwa mtu ambaye kila Jumamosi jioni huhifadhi nakala kwenye simu na kulala akijua yuko salama, huo ndio mstari mzito kuliko yote, na umewekwa katikati kana kwamba ni jambo dogo.

Mstari wa pili unahitaji subira. `Sync to the cloud` maana yake salio la kila mteja, pamoja na jina na namba yake ya simu, litatoka kwenye simu na kutumwa kwenye kompyuta za mwenye programu. Neno la kuchungwa ni `by default`, ambalo simu iliyowekwa Kiswahili huliita "chaguomsingi". Kwa lugha ya dukani ni hivi: usiposema lolote, ndivyo itakavyokuwa. Programu nyingi huhifadhi mpangilio pale tu unapougusa. Ambaye hajawahi kuugusa hana kilichohifadhiwa, kwa hiyo hufuata anachopanga mwenye programu, na siku kinapobadilishwa, naye hubadilishwa bila kuulizwa. Na kama swichi yenyewe ni mpya, hakuna aliyewahi kuigusa, basi wote wanaipata ikiwa imewashwa. Android itakuuliza programu ikitaka kamera au orodha yako ya namba, lakini swichi za ndani ya programu haziihusu. Na hapa si data ya mama huyu peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuarifiwa jinsi taarifa zake zinavyotumiwa, na mkulima aliyeacha namba yake Njoro ili akumbushwe deni hakujua itasafiri.

Mstari wa nne unaonekana mwepesi: utaingia upya kwenye akaunti. Nikamwomba afungue ukurasa wa akaunti kabla ya kugusa chochote. Namba iliyosajiliwa ilikuwa laini ya kijana wake, aliyemwekea programu hiyo mwanzoni, na laini yenyewe ilishapotea. Angesasisha siku hiyo, ujumbe wa kuthibitisha ungetumwa kwa namba isiyo mkononi mwa mtu, naye angebaki nje ya daftari lake mwenyewe. Tulibadilisha namba kwanza, ndani ya toleo la zamani, tukangoja ikubaliwe.

Mistari ya kwanza na ya tano niliipita. "Sura mpya" ina maana kwamba vitufe vitahama, basi. Ule wa mwisho, wa hitilafu kurekebishwa, huandikwa karibu kila mara na hausemi kitu, kwa wema wala kwa ubaya.

Kisha tukafanya kazi ambayo maelezo hayakuitaja. Toleo la zamani lilikuwa na kitufe cha `Export CSV`. Tukatoa orodha nzima, akajitumia kwa barua pepe, tukaifungua kwenye kompyuta ya maabara kuhakikisha inasomeka. Halafu akaandika kwa kalamu, nyuma ya risiti ya chakula cha kuku, mambo matatu: wateja 61, jumla ya madeni shilingi 184,350, na tarehe ya deni la mwisho kuingizwa.

Sababu ya tahadhari yote hii ni kwamba hakuna njia rahisi ya kurudi nyuma. Android kwa kawaida hukataa toleo la zamani lisakinishwe juu ya jipya. Itakubidi uiondoe programu kwanza, na kuiondoa hufuta data iliyomo ndani yake. Ndiyo maana huwa sipendi ule ushauri wa haraka wa "ondoa kisha uweke upya". Kwa mchezo wa simu ni sawa. Kwa daftari la madeni, usiuguse kabla hujawa na nakala nje ya simu.

Akasasisha. Akaingia kwa namba mpya, akaenda kwenye mipangilio akakuta swichi ya kutuma data imewashwa kama tulivyotarajia, akaizima. Jumla: 184,350. Tarehe: ileile. Wateja: 58.

Mama alinyamaza. Pesa zimetimia, watu watatu hawapo. Tuliweka ile orodha ya kompyuta kando ya simu tukaanza kulinganisha jina kwa jina, na baada ya kama robo saa tukaona. Akina mama wanne wa boma moja walikuwa wameandikishwa kwa namba moja ya simu, ya shemeji yao. Toleo jipya lilikuwa linamtambua mteja kwa namba badala ya jina, kwa hiyo likawaunganisha wanne kuwa mmoja na kujumlisha madeni yao. Maelezo hayakusema neno. Kwenye Play Store mtengenezaji ana herufi 500 tu kwa kila lugha, na badiliko la namna hii mara nyingi hata yeye haoni kwamba litamgusa mtu.

Bila ule mstari wa tatu, asingetoa orodha, na bila orodha asingejua nani kati ya wanne anadaiwa dawa ya kupe na nani mbegu.

Kabla hajaondoka tulizima sasisho la moja kwa moja kwa programu hiyo peke yake. Kwenye Play Store fungua ukurasa wa programu, gusa vidoti vitatu vya juu, uondoe alama kwenye `Enable auto update`. Nyingine zote, kivinjari hasa, ziache zijisasishe, kwa kuwa masasisho hayo ndiyo huziba mianya ya usalama. Maelezo ya sasisho linalosubiri utayapata kwa kugusa picha yako, kisha `Manage apps & device`.

Jumatano iliyofuata alinipigia simu. Wanne wamerudi kuwa wanne, kila mmoja na namba yake, isipokuwa mmoja asiye na simu kabisa. Huyo amemrudisha kwenye daftari la kaunta.