Cheti cha ulinganifu na siku ambazo kontena hukaa bandarini

Waagizaji wengi wa bidhaa za matumizi ya nyumbani huamini kwamba mizigo yao huchelewa kwa sababu ya ukaguzi wa viwango. Sisi tunaopitia majalada ya shehena zilizokwama huona zaidi jambo jingine: ukaguzi wenyewe ulikwisha mapema, na muda ukapotea katika kupatanisha nyaraka zilizokuwa zikieleza bidhaa mbili tofauti.

Kwanza tutenganishe kaguzi mbili zinazochanganywa. Upo ukaguzi wa kabla ya usafirishaji uliokuwa ukihakiki thamani na uainishaji wa bidhaa kwa ajili ya ushuru. Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unawakataza wanachama kuulazimisha ukaguzi huo kwa madhumuni hayo ya forodha. Ukaguzi wa ulinganifu na viwango haumo katika katazo hilo, na ndio unaozaa cheti cha ulinganifu ambacho nchi nyingi hukidai kabla ya kuruhusu mzigo kutoka.

Tuchukue mfano wa shehena ya mabirika ya umeme 2,400. Mwagizaji hupeleka maombi kwa kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa, akiambatanisha ankara kifani na ripoti ya maabara inayoonyesha kuwa birika la aina hiyo lilipimwa kwa kiwango cha usalama kinachotakiwa, kwa mfano kwamba linajizima lenyewe likiwashwa bila maji. Mkaguzi hufika kiwandani bidhaa zikiwa zimekamilika. Kwa jedwali la sampuli la ISO 2859-1, katika ngazi ya kawaida ya ukaguzi, shehena ya ukubwa huo hutolewa mabirika 125 bila kuchagua. Kasoro ndogo huvumiliwa hadi idadi fulani, lakini kasoro inayoweza kumdhuru mtumiaji, kama waya ulio wazi, haivumiliwi hata moja.

Kisha mkaguzi hugeuza birika na kusoma bamba lililobandikwa chini yake. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Ripoti ya maabara inataja modeli HK17 ya wati 1,800, ilhali bamba linasomeka HK17B, wati 2,200. Kiwanda kitasema tofauti ni ndogo, na pengine umbo ni lile lile kabisa. Hata hivyo, wati zilizoongezeka maana yake ni kwamba umeme mwingi zaidi unapita katika waya na swichi, na joto lake halikupimwa na mtu yeyote. Mkaguzi hana haki ya kudhani kuwa liko salama, nasi tunaona ni sawa asidhani.

Tofauti hiyo ikigunduliwa kiwandani, sampuli hupelekwa maabara huku mzigo ukisubiri ghalani mwa mtengenezaji. Huo ni ucheleweshaji, lakini gharama yake hudhibitika. Ikiwa mzigo ulipakiwa bila cheti kwa matumaini kwamba kitafuata, vipimo vile vile hufanyika baada ya meli kufika: sampuli hutolewa ndani ya kontena, hungoja zamu maabara, na wakati huo tozo za uhifadhi za bandari na za kampuni ya meli zinaendelea kuhesabiwa. Birika likifeli hapo, lililobaki mara nyingi ni kulirudisha lilikotoka au kuliteketeza, kwa gharama ya mwagizaji.

Kwa kaguzi za kabla ya usafirishaji zinazoamriwa na serikali, mkataba mwingine wa shirika hilo hilo unaitaka kampuni ya ukaguzi, ndani ya siku tano za kazi baada ya kupokea nyaraka za mwisho na kumaliza ukaguzi, itoe ripoti safi au ieleze kwa maandishi kwa nini haitoi. Zingatieni maneno nyaraka za mwisho. Ankara ya mwisho ikiletwa ikiwa na idadi au modeli isiyolingana na aliyoyaona mkaguzi, siku hizo hazijaanza kuhesabiwa.

Kwa sababu hiyo tunawashauri waagizaji waombe picha ya bamba la bidhaa kabla ya kulipa malipo ya awali, na wailinganishe herufi kwa herufi na ripoti ya maabara, ankara na maandishi ya katoni. Cheti hakizuii kila ukaguzi bandarini, kwa kuwa mamlaka hubaki na haki ya kufungua kontena inalolitilia shaka. Tena, cheti cha shehena moja hakihamii kwenye shehena inayofuata. Ripoti ya maabara yaweza kutumika tena ikiwa bado inakubalika, mradi kiwanda hakijabadilisha swichi, waya wala kipasha joto. Na hilo linathibitishwa kwa orodha ya vipuri iliyoambatanishwa na ripoti yenyewe, ambayo mwagizaji anapaswa kuidai mapema.