Rangi ya "kuzuia joto" kwenye bati: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jua la Oktoba likishaanza kuchoma mabati ya Dodoma, rangi hizi hutafutwa sana. Bei yake iko juu ya rangi ya kawaida, na maneno yake ni matamu.

Dhana: Vipira vidogo vya kauri vilivyomo ndani ya rangi huzuia joto lisipite.

Vipira vipo, tena vina uwazi ndani, na hewa kweli ni kizuizi kizuri. Tatizo ni unene. Mikono miwili mizito ikikauka huacha kama nusu milimita. Basi tuipendelee rangi: tuseme inazuia joto sawasawa na sufi ya kioo inayotandazwa juu ya dari (haiwezi, kwa sababu vipira vimezungukwa na gundi nzito). Sufi ya milimita 50 bado ni nene mara 100. Ili ulingane nayo, ungepaka mikono 200. Ndiyo maana EPA, shirika la mazingira la Marekani, halishauri kutumia rangi mahali pa kizuia joto halisi.

Dhana: Lakini nyumba ya jirani imepoa kabisa.

Huenda imepoa, ila kilichofanya kazi ni weupe. Bati lenye kutu hunyonya sehemu kubwa ya jua, ilhali rangi nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80. Kituo cha utafiti cha Florida Solar Energy Center, Marekani, kilipopima, hakikuona faida ya maana ya kuongeza kauri kwenye rangi nyeupe.

Muuzaji huonyesha bati tupu pembeni ya bati lililopakwa, na hapo lazima ashinde. Mwambie alete la tatu, lililopakwa nyeupe ya kawaida ya nje. Yaanike yote saa sita mchana, kisha gusa kwa chini. Akitoa kipimajoto cha kupimia kwa mbali bila kugusa, usikiamini kwenye bati linalong'aa: husoma chini kuliko joto halisi.

Dhana: Ukipaka ndani, usiku wa Julai nyumba itabaki na joto.

Hapana. Weupe hurudisha jua, na chumbani hakuna jua la kurudisha.

Inunuliwe lini, basi?

Paa likiwa halina dari, bati limechakaa, na rangi hiyo haizidi sana bei ya nyeupe nzuri ya nje. Uliza karatasi ya vipimo: inarudisha jua kiasi gani ikiwa mpya, na kiasi gani baada ya miaka mitatu. Vumbi letu hula weupe, kwa hiyo paa lioshwe kabla joto halijaanza. Bati jipya la zinki lipakwe kwanza praima yake. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja hubanduka vipande vipande.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu na paa ni jeupe tayari, weka dari na sufi juu yake.