Doa moja tu, fundi

Nimechoka kuambiwa "paneli ya sola ni safi, fundi, ina doa dogo tu la njiwa." Juzi nimelisikia tena Dodoma, kwa mama mwenye duka ambaye betri yake ilikuwa haijai. Paneli ya wati 100, seli 36, na kontrola ya PWM, kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri. Saa sita mchana, jua kali, kontrola inasoma ampea 2.8.

"Mwanangu, kidoa hicho ndicho kinachokula umeme wangu wote?"

Ndicho, mama. Kinyesi kilifunika nusu ya seli moja. Ukipiga hesabu ya eneo, ni kama asilimia moja na nusu ya paneli. Lakini seli zimeungwa mfululizo, kama bomba moja refu: ukilibana mahali pamoja, maji yanapungua bomba zima. Seli ikipata nusu ya mwanga, inapitisha karibu nusu ya ampea, na nyingine 35 zinaifuata. Wajuaji hunitajia dayodi, ile njia ya pembeni inayopitisha umeme kuruka seli zilizofunikwa. Kwenye paneli hii dayodi ikifanya kazi inaruka seli 18, zinabaki volti tisa hivi, nazo hazisukumi betri ya volti 12. Tena seli iliyofunikwa inaanza kula umeme wa wenzake na kuchemka. Ukiona alama ya kahawia nyuma ya paneli, imeshaungua.

Vumbi lina huruma zaidi, maana linatanda sawasawa na kupunguza kidogo kidogo. Ubaya wake ni manyunyu: yanaligeuza tope linaloganda kwenye fremu ya chini, juu ya safu nzima ya seli. Kwa hiyo usiniambie mvua itaosha. Na kinyesi kilichokauka hakiondoki kwa mvua.

Nilipanda alfajiri, kioo kikiwa baridi, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Nilisimama kwenye ngazi; ukikanyaga paneli seli zinapata nyufa usizoziona. Kioo kikiwa kimepasuka, usimwagie maji kabisa, kwa kuwa paneli ina umeme muda wote wa mchana hata swichi ikizimwa. Nikaweka kitambaa chenye maji juu ya kinyesi kwa dakika kumi, kikalainika, nikafuta kwa sponji. Stilwaya na sabuni ya unga viacheni jikoni.

Maji yalikuwa ya mvua, kutoka simtanki. Ya kisima chetu yana chumvi; yakikaukia juani yanaacha ukungu mweupe mgumu kuliko vumbi lenyewe. Kama huna mengine, tumia hayo hayo, ila yafute yote kwa mpira wa kufutia vioo kabla hayajakauka.

Saa sita: ampea 5.4.

Mara ngapi? Kiangazi huwa nasema kila wiki nne, na nakiri ni makadirio yangu. Aliye kando ya barabara ya vumbi atahitaji mapema. Soma ampea mchana wa jua, osha, soma kesho saa ileile bila wingu, betri ikiwa bado haijajaa. Zikipanda chini ya asilimia tano, umeosha mapema mno. Kinyesi hakingoji ratiba: kitoe siku unayokiona.