Panya watatu, seli tisini: unapokuza mchoro wa makala

Juma lililopita zamu ya kuongoza kikao chetu cha kusoma majarida iliniangukia mimi. Mchoro wa 3 katika makala niliyochagua ulikuwa na vipande sita, a hadi f, vimebanana kama dagaa. Mwenye karatasi mkononi anaweza kuisogeza puani. Aliyekaa nyuma ya chumba hawezi. Basi mimi huweka kipande kimoja kwa slaidi moja, na visivyobeba hoja naviacha. Hapa nilikitaka kipande c tu.

Wengi hupiga picha ya skrini, ndipo ukungu unapoanza. Kipande c kilikuwa na upana wa inchi 2. Kwa nukta 300 kwa inchi unapata pikseli 600, na projekta ya pikseli 1920 itazivuta zaidi ya mara tatu. Mimi huutoa upya ukurasa mzima kwa nukta 900, kisha nakata:

```
pdftoppm -r 900 -f 4 -l 4 -png makala.pdf ukurasa
```

Hii husaidia pale mchoro ulipohifadhiwa kama mistari na maandishi. Ukiwa picha iliyobandikwa, mfano ya hadubini, hakuna kitakachoongezeka. Pakua nakala kubwa kwenye tovuti ya jarida. Maandishi ya mihimili nayaandika upya, pointi 20 kwenda juu.

Lakini ukikata kipande, maelezo yaliyo chini ya mchoro yanabaki nyuma, na humo ndimo mnamoelezwa vile vijiti vya juu ya nguzo ni nini. Haya yalisema: kosa sanifu la wastani, n = 90. Tisini nini? Sikujiuliza, mpaka nilipofika kwenye mbinu.

Mbinu nazifupisha kuwa visanduku vitatu: nani, kafanywa nini, kimepimwa nini. Majina ya kemikali na mizunguko ya mashine natupa (nani ataikumbuka?), ila idadi siigusi. Nilipojaza visanduku nikapata: panya 3 kwa kila kundi, dawa au maji ya chumvi, seli 30 kwa kila panya, mng'ao wa kila seli. Kumbe tisini ni seli! Dawa alipewa panya, na seli za panya mmoja hufanana kuliko za panya wawili, kwa hiyo ushahidi huru ulikuwa wa panya watatu. Kosa sanifu ni mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha n. Ukihesabu seli tisini kana kwamba kila moja inajitegemea, kwa kawaida vijiti hufupika kuliko inavyostahili.

Huwezi kuvirefusha kwa kukisia, maana mtawanyiko wa wastani wa panya si ule wa seli. Bahati nzuri waandishi waliambatanisha data ghafi. Nikakokotoa wastani wa kila panya, nikaweka nukta tatu tatu kando ya kipande c kilichokuzwa. Nukta mbili za kundi la dawa zilikuwa katikati ya zile za maji ya chumvi, na dakika ishirini zilizobaki tulizimalizia kwenye slaidi hiyo moja.