Mistari miwili ikikatika haimaanishi nguzo zote mbili: dhana potofu kuhusu kuvunjika kwa kikombe cha nyonga

Kuna kosa moja la kusoma eksirei ya nyonga ambalo linamfikisha mgonjwa thieta akiwa amelazwa upande usio wake, na ndo nataka tulimalize leo. Nawaandikia madokta wa zamu, watu wa eksirei, wanafunzi, na yeyote mwenye ndugu aliyeambiwa kikombe cha nyonga kimevunjika na akabaki anashangaa kwa nini wanataka tena picha mbili za kulala upande.

Dhana: eksirei ya mbele ikionyesha mistari miwili imekatika, basi nguzo zote mbili zimevunjika, aina imeshajulikana.

Tuanze na mistari yenyewe. Kikombe cha nyonga, yaani asetabulamu, kimebebwa na nguzo mbili zilizokaa kama herufi Y iliyopinduliwa, ya mbele inashuka kutoka kwenye bawa la nyonga hadi kinena, ya nyuma inashuka hadi mfupa wa kikalio. Kwenye picha ya mbele nguzo ya mbele unaifuata kwa mstari unaotoka ndani ya fupanyonga mpaka kinena, na nguzo ya nyuma kwa mstari unaoshuka wima hadi kwenye kikalio. Hapo ongeza paa la kikombe, na kingo mbili, ya ukuta wa mbele na ya ukuta wa nyuma, ile ya nyuma ndo iko nje zaidi.

Sasa mistari yote miwili inaweza kukatika na bado isiwe ule mvunjiko unaoitwa wa nguzo zote mbili. Mvunjiko wa mlalo unakata kikombe kukatisha, kipande cha juu kinabaki na bawa na cha chini kinaondoka na kinena na kikalio kwa pamoja, kwa hiyo lazima ukate mistari yote miwili. Wa umbo la T nao unaikata yote, tofauti ni kwamba kuna ufa mwingine unaoshuka chini na kutenganisha mbele na nyuma. Judet na Letournel, madaktari wa Paris waliochapisha mgawanyo huu mwaka 1964, waliweka aina 10, tano za msingi na tano za mchanganyiko, na jina la nguzo zote mbili walilihifadhi kwa kitu kimoja tu: hakuna hata kipande kimoja cha kikombe chenye gegedu ambacho bado kimeshikana na sehemu ya bawa iliyoungana na uti wa mgongo. Hata paa linakuwa limeachia.

Kwa hiyo ukishaona mistari miwili imekatika usiandike jina bado, jiulize paa limeshikwa na nani. Kama paa liko mahali pake na bawa ni zima mpaka juu kwenye ukingo, hiyo siyo nguzo zote mbili. Halafu angalia lile duara la mfupa chini, linalozunguka tundu la obtureta, kama halijavunjika basi umbo la T linakuwa gumu kulitetea, unabaki na mlalo. Ukifika hapo bado hujamaliza kwa sababu ukuta wa nyuma kwenye picha ya mbele unajificha nyuma ya kichwa cha fupapaja, na huo ndo unaoamua mengi.

Dhana: picha za mshazari, zile mbili za kulala upande, ni za kizamani, siti skani imezifuta.

Siti skani ni lazima, sibishani. Inaonyesha vipande vilivyobaki ndani ya jointi, inaonyesha gegedu iliyokandamizwa ndani ya mfupa pembeni ya ukuta, na kwenye mkato wa kulala usawa wa paa inakupa njia nzuri ya kujihakikishia: ufa wa mlalo unaonekana unatoka mbele kwenda nyuma, ufa wa nguzo unaonekana unatoka upande mmoja kwenda mwingine. Lakini ile picha ya siti ya pande tatu inapendeza macho na inalainisha nyufa nyembamba mpaka zinapotea, na mgonjwa akishafunguliwa pale thieta daktari hana siti, ana eksirei ya mkono wa kuzunguka, anaangalia mistari ileile kwa mshazari uleule. Asiyeizoea kabla ya upasuaji hataielewa mgonjwa akiwa amefunguliwa.

Zinapigwaje? Mshazari wa obtureta, upande ulioumia unainuliwa nyuzi 45 mgonjwa anaegemea upande mzima. Hapo unaona nguzo ya mbele na ukuta wa nyuma. Mshazari wa iliaki ni kinyume chake, upande mzima ndo unainuliwa na mgonjwa anaegemea ulioumia, unaona nguzo ya nyuma na ukuta wa mbele, na bawa linafunguka lote. Ukipiga fupanyonga yote, picha moja inakupa obtureta ya upande huu na iliaki ya upande wa pili, faida mbili kwa mionzi ya mara moja.

Kinachoharibika hapa kila siku ni maumivu. Mgonjwa anageuzwa nyuzi 20 analia, mtu anapiga hivyohivyo, picha inatoka ambayo siyo ya mbele wala siyo ya mshazari. Utaijua kirahisi, kwenye mshazari mzuri wa obtureta lile tundu linaonekana limefunguka na bawa limebanana limekuwa jembamba, kama tundu bado limejibana rudia. Mpe dawa ya maumivu kwanza subiri ifanye kazi, mgeuze kama gogo mwili wote kwa pamoja, weka sponji au blanketi zilizokunjwa mgongoni na kwenye kikalio zimshike, asijishike mwenyewe. Na kama nyonga imechomoka irudishwe kwanza, picha za mshazari zitasubiri, kichwa cha fupapaja hakisubiri kwa sababu damu yake inabanwa, saa 6 za mwanzo ndo watu wanazipigania.

Mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho

Chukua kijana wa miaka 28, alikaa siti ya mbele kwenye Noah, magari yakagongana uso kwa uso, goti likapiga dashibodi. Amefika mguu umefupika, umekunjwa na umegeukia ndani, yaani nyonga imetoka nyuma. Kabla ya kumgusa anaambiwa ainue kidole gumba cha mguu na wayo kuelekea juu, anaweza, inaandikwa kwenye faili kwamba neva ya siatiki inafanya kazi. Nyonga inarudishwa akiwa kwenye usingizi, mguu unawekwa kwenye traksheni.

Picha ya mbele: mstari wa mbele umekatika, wa nyuma umekatika, kimo kilekile. Karatasi ya maombi inaandikwa "nguzo zote mbili" na mpango unakuwa kufungua kwa mbele. Sasa rudi kwenye maswali yetu. Paa liko palepale, bawa halina ufa. Duara la chini ni zima. Kipande cha chini kimeingia ndani kidogo na kichwa cha fupapaja kimekifuata. Mshazari wa obtureta: nyuma ya kichwa kuna kipande kikubwa cha ukuta kimesimama peke yake, na ule mwiba haupo. Mwiba ninaousema ni ncha ya chini ya bawa zima inayobaki imechomoza pale vipande vya kikombe vinapohamia ndani, ukiuona kwenye mshazari huu ni nguzo zote mbili. Mshazari wa iliaki: ukingo wa nyuma umekatwa, bawa limefunguka lote na ni zima. Jibu ni mlalo pamoja na ukuta wa nyuma.

Jibu hilo linageuza mgonjwa kwenye meza, kihalisia kabisa. Kwa mbele, iwe njia ya kinena ya Letournel au ile ya kupita ndani ya fupanyonga wanayoiita Stoppa, ukuta wa nyuma hauufikii, utapanga mlalo vizuri na nyonga itatoka tena nyuma siku ya kwanza anakaa. Kijana huyu ni wa njia ya Kocher-Langenbeck, inayofungua kwa nyuma, na wengi wanapendelea alale kifudifudi kwa sababu akilala ubavu uzito wa mguu unasukuma kichwa ndani na kipande cha chini kinaenda nacho.

Dhana: imevunjika mbele na nyuma, kwa hiyo fungua mbele na nyuma.

Kwa mlalo si lazima, maana kipande cha chini ni kimoja, ukikirudisha kutoka nyuma na mbele kunarudi pia mradi mvunjiko ni mpya. Goti linakunjwa na nyonga inanyooshwa muda wote ili neva ya siatiki ilegee, misuli mifupi inayogeuza paja nje inakatwa sentimita 1.5 hivi kutoka inaposhika mfupa, na ule msuli wa pembe nne chini yake hauguswi, mshipa unaolisha kichwa cha fupapaja unapita hapo. Vipande vya ndani ya jointi vinatolewa. Mlalo unapangwa kwanza, ukuta baadaye, ukianza na ukuta unakuwa umejifungia mlango. Kidole kinaingizwa kupitia tundu kubwa la siatiki kinapapasa uso wa ndani wa fupanyonga, kama kuna ngazi kidole kinaisikia, na nguzo ya mbele inashikwa kwa skrubu ndefu inayopigwa kutoka nyuma. Gegedu iliyokandamizwa inanyanyuliwa kufuata umbo la kichwa na kujaziwa mfupa chini, halafu ukuta unafunikwa kwa pleti.

Wakati wa kufungua mbele ni pale uhamaji mkubwa uko mbele, au ni ile aina ya nguzo ya mbele pamoja na mlalo wa nusu nyuma, au nguzo zote mbili zenyewe, ambazo mara nyingi zinapangwa kwa mbele zote. Umbo la T ndo linalosumbua, mara nyingi unaanza nyuma na ukishindwa kushika mbele unaongeza njia ya pili. Na muda unabadilisha hesabu, ikipita wiki 3 mfupa umeshaanza kuunga vibaya, kile kipande kimoja kilichokuwa kinarudi kwa kuvutwa kinagoma, ndo maana rufaa ya mgonjwa kama huyu isikae kwenye droo.

Baada ya upasuaji picha ni zile zile tatu. Unapima mistari ileile, ngazi au mwanya usiozidi milimita 1 ndo unaotafutwa na ikizidi 2 au 3 jointi inaanza kuharibika mapema, na unaangalia kila skrubu kwenye mshazari ambapo inaonekana iko nje ya jointi waziwazi. Skrubu moja inaweza kuonekana imeingia kwenye picha ya mbele na isiwe imeingia, lakini isipotoka nje ya jointi kwenye mshazari wowote, rudi thieta uitoe.