EBITDA hailipi dizeli

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mhasibu mwenye cheti ukutani: "EBITDA ndiyo pesa halisi ya kampuni, maana imeondoa mambo ya kihasibu yasiyo na pesa." EBITDA ni faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mali, zinazoshikika na zisizoshikika. Nimekaa dawati la mikopo la benki miaka mingi na kauli hii naikuta kila msimu wa hesabu zilizokaguliwa. Nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naiandika mara moja.

Nianze na mteja mwenye malori 20 yanayopeleka mizigo ya bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Tarakimu nimezibadilisha ili asitambulike, lakini sura ya biashara ni ileile. Mwaka juzi aliniambia, "Dada yangu, EBITDA yetu ni bilioni moja na nusu. Marejesho yenu ni milioni 700 kwa mwaka, riba humohumo. Mnahofu nini?" Hesabu zake zilikuwa safi. Mapato bilioni 6. Mafuta, madereva, matairi, vipuri na tozo za barabarani bilioni 4.5. Inabaki 1.5. Uchakavu ulikuwa milioni 800, riba 300, kodi 120. Deni letu kwake lilikuwa bilioni 2, yaani halifiki hata mara moja na nusu ya EBITDA. Ukiangalia hapo tu, unasaini.

Lakini siku aliyoketi mbele yangu, akaunti yake ilikuwa imekula ovadrafti karibu yote. Pesa zilikwenda wapi?

Kwanza, wateja wake. Mwanzo wa mwaka walikuwa wanadaiwa milioni 900, mwisho wa mwaka 1,450. Milioni 550 zilizohesabiwa kwenye mapato, na kwa hiyo zimo ndani ya EBITDA, zilikuwa bado mifukoni mwa wenye mizigo. Yeye naye alimkopa muuza mafuta milioni 100 zaidi ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo mtaji wa kuzungushia biashara ulimmeza milioni 450. Pili, alibadilisha vichwa vinne vya malori vilivyochoka, milioni 170 kila kimoja, jumla 680. Weka na kodi. Kinachobaki baada ya hayo yote ndizo fedha huru.

```
EBITDA                          1,500
Kodi                             -120
Mtaji wa kuzungushia biashara    -450
Vichwa vipya                     -680
Fedha huru (kabla ya riba)        250
```

Milioni 250, na mkopo unadai 700. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bilioni moja na nusu ya kwenye karatasi na hali ya akaunti. EBITDA imeacha nje uchakavu kwa hoja kwamba uchakavu haulipwi kwa pesa. Ni kweli haulipwi mwaka huu. Ulilipwa siku lori liliponunuliwa, na utalipwa tena siku litakapokufa. Kwa mwenye malori, uchakavu ni gharama ya kweli sawa na dizeli, ila bili yake inakuja kwa mkupuo. Tena kwa kawaida uchakavu wa vitabuni ni mdogo kuliko bili yenyewe, kwa sababu unakokotolewa kwa bei ya zamani, na kichwa kilichonunuliwa miaka sita iliyopita hukipati leo kwa shilingi zilezile.

Kuna udhaifu mwingine ambao watu wa malori wanaujua hata kama hawausemi. Ukiihamisha gharama ya kawaida kutoka kwenye matumizi na kuiandika kama mali, EBITDA inapanda siku hiyohiyo, kwa sababu gharama inarudi baadaye kwa jina la uchakavu, na uchakavu umewekwa nje ya hesabu. Mfano wake mkubwa ni WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Ilikuwa inazilipa kampuni nyingine kwa kutumia laini zao. Hiyo ni gharama ya kila siku, kama mafuta kwa lori. Juni 2002 ilikiri kwamba iliziandika gharama hizo kama mali: zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka 2001 na karibu milioni 800 kwa robo ya kwanza ya 2002. Ziliporudishwa kwenye gharama, EBITDA ya 2001 ilishuka hadi bilioni 6.339. Mwezi uliofuata kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba udanganyifu ulikuwa mkubwa zaidi ya huo.

Hapa fedha huru zinaonyesha thamani yake. Dola iliyolipwa kwa mwenye laini imeshatoka benki, uiite gharama au uiite mali. Ukiitoa kwenye matumizi, inakwenda kuongeza ununuzi wa mali, na fedha huru zinabaki palepale. Kwa hiyo ninapoona EBITDA inapanda na ununuzi wa mali unapanda nayo bila gari jipya uwanjani, naomba leja ya mali za kudumu na kuisoma mstari kwa mstari. Kwenye malori mchezo huu huitwa "matengenezo makubwa". Kufumua injini na kuiunda upya kunaweza kweli kuongeza maisha ya gari, na hapo mhasibu ana hoja. Lakini kichwa na trela la ekseli tatu vinabeba matairi 22, na tairi la njia ya Kongo halimalizi mwaka wa pili likiwa salama. Nikiyakuta kwenye leja ya mali, nayarudisha kwenye gharama bila mjadala.

Kodi ya pango naigusa haraka. Tangu 1 Januari 2019, chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 16, pango la zaidi ya mwaka mmoja kwa sehemu kubwa limegeuka kuwa uchakavu na riba. Yadi ya kulaza malori ya milioni 120 kwa mwaka imetoweka kwenye EBITDA, na mwenye yadi bado analipwa. Fedha huru nazo zinadanganya hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya malipo hayo imehamishiwa kwenye fungu la mikopo. Mimi kodi ya yadi naitoa kote kuwili, kwenye EBITDA na kwenye fedha huru.

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi, yaani kosa la upande wa pili. Mteja wangu alirudi mwaka huu akiwa amejifunza. Hakutaja EBITDA hata mara moja. "Dada, fedha huru. Ulisema zenyewe hazidanganyi." Sikusema hivyo, na namwomba kila anayefundisha somo hili asiseme hivyo. Hesabu yake ya mwaka wa pili ilikuwa hii:

```
EBITDA                          1,450
Kodi                             -110
Mtaji wa kuzungushia biashara    +300
Vichwa vipya                        0
Fedha huru (kabla ya riba)      1,640
```

Kutoka milioni 250 hadi 1,640 kwa mwaka mmoja. Je, biashara imekuwa bora mara sita? Malori ni yaleyale, njia ni ileile, wateja ni walewale. Alichofanya ni vitu viwili. Hakununua kichwa hata kimoja, na alichelewa kumlipa muuza mafuta. Deni la mafuta lilitoka milioni 200 hadi 500. Mafuta yake ya mwaka ni bilioni 2.4 hivi, kwa hiyo kutoka kulipa baada ya siku 30 alifika siku 76. Hizo milioni 300 ni mkopo usio na mkataba, na siku muuza mafuta akifunga pampu, malori yote 20 yanasimama.

Kila shilingi iliyomo humo ilipita benki kweli. Hakuna aliyeghushi kitu. Lakini fedha huru za mwaka mmoja ni kitu chepesi mno kusukumwa: ahirisha gari, chelewesha muuzaji, mbane mteja alipe tarehe 30 badala ya tarehe 2, na namba inaruka. Ukitaka kujua kama imesukumwa, tazama siku za kulipa wadai, tazama wastani wa umri wa magari, na tazama gharama ya vipuri. Kwake vipuri na matairi vilipanda, na ndivyo vilivyoishusha EBITDA kwa milioni 50. Magari yalikuwa yameshaanza kulipisha.

Hapo ndipo naitetea EBITDA, na naitetea kwa dhati. Itazame tena: 1,500, kisha 1,450. Ni namba ileile kasoro kidogo, na ndivyo biashara ilivyokuwa. Swali lake ni moja: malori haya yakitembea, yanazalisha nini kabla hatujauliza nani aliyakopesha, yalinunuliwa lini na kodi inasemaje? Ndiyo maana mtu anayetaka kununua kampuni, au kulinganisha kampuni mbili, anaanzia hapo. Mmoja anayachakaza magari kwa miaka minne, mwingine minane. Mmoja amekopa, mwingine amerithi. Faida halisi zao hazilinganishiki, ila EBITDA zao zinalinganishika, almradi umeshairudisha yadi na matairi mahali pake. Huwezi kukadiria bei ya kampuni kwa kuzidisha fedha huru zilizotoka 250 kwenda 1,640. Ungezidisha mwaka gani?

Viwango vya kimataifa vya uhasibu havijaipa EBITDA tafsiri rasmi. Hata IFRS 18 itakayoanza kutumika 1 Januari 2027 haikuipa. Kwa hiyo usiisome bila kuuliza imejengwaje, hasa ikiitwa "iliyorekebishwa".

Mahali ambapo nina shaka mwenyewe ni kwenye magari. Vitabu vinasema tenganisha matumizi ya kudumisha biashara na matumizi ya kuikuza. Ukiwa ofisini huwezi. Kichwa kipya kinachovuta tani zaidi kuliko kilichokufa ni cha kudumisha au cha kukuza? Mteja atasema kukuza, siku zote. Mimi nachukua wastani wa miaka mitano, na nakiri kwamba kwa kampuni yenye miaka mitatu ni kukisia.

Kwa mteja huyu nilijumlisha miaka miwili: 250 na 1,640 ni 1,890. Nikatoa milioni 300 za muuza mafuta, nikatoa 680 za vichwa ambavyo vingepaswa kununuliwa mwaka wa pili. Zikabaki 910, yaani 455 kwa mwaka. Marejesho ni 700. Aliitazama hiyo 455 muda mrefu, akasema nimemwonea kwenye vichwa, kwamba vitatu vingetosha. Huenda. Vitatu vinaipandisha hadi 540, bado haifiki.

Kisha nikamwomba kitu ambacho si EBITDA wala fedha huru: orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni. Wateja wake walikuwa wanalipa baada ya siku 88. Zamani walilipa ndani ya 60. Kurudi kwenye 60 kungefungua zaidi ya milioni 460. Aliitoa orodha kwenye mkoba, na kwenye mstari wa nne alikuwepo wakala mmoja wa forodha anayedaiwa milioni 310, zote zimevuka siku 120. "Huyu ni rafiki yangu," alisema. Tukaanzia hapo.